ROAS ya sare: jinsi ya kuipigia hesabu kabla ya kuweka shabaha ya kampeni

Ads Manager ya Facebook inaonyesha ROAS ya 2.5, oda zinaingia kila siku, na bado mwisho wa mwezi pesa ya kurudi Eastleigh kuchukua mzigo mwingine haipo. Wauzaji wa mtandaoni wa Nairobi huleta lalamiko hili kila mara, na karibu kila mara chanzo ni kilekile. Shabaha ya kampeni ilitolewa kwenye faida ghafi peke yake, au iliazimwa kwa mtu anayeuza kitu kingine kabisa.

ROAS ni mauzo yaliyoletwa na tangazo, ukigawanya kwa pesa uliyotumia kwenye tangazo hilo. Ukitumia shilingi 1,000 na kuuza za 2,500, ROAS ni 2.5. Namba hiyo haisemi kama umepata au umepoteza mpaka uijue ROAS yako ya sare, yaani kiwango ambacho tangazo limejilipa na hukubaki na kitu. Juu yake unapata faida, chini yake kila oda inakula mtaji.

Tutatumia duka moja la mfano mpaka mwisho. Linauza mikoba ya kina mama kwa shilingi 2,500. Linanunua Eastleigh, linatangaza Facebook na Instagram, linapokea oda kwenye tovuti yake, na linafikisha mzigo bure Nairobi na viunga vyake. Mteja hulipa mkoba ukishafika. Namba zote za duka hili ni za mfano, kwa hiyo weka zako mahali pake.

## Kusanya hivi kwanza

Usianze kwa kukisia. Namba ukiikumbuka kwa kichwa, mara nyingi inatoka ndogo kuliko ilivyo.

- Risiti za kununulia bidhaa, pamoja na gharama ya kuzileta dukani.
- Orodha ya malipo yote ya boda ya mwezi uliopita.
- Taarifa ya M-Pesa ya biashara, na taarifa ya kampuni inayokupokelea kadi.
- Daftari la oda, likiwa na zile zilizokataliwa au zilizorudi.
- Ankara ya matangazo, ile uliyotozwa hasa. Kiasi kinachoonekana kwenye skrini ya kampeni hakitoshi.
- Jedwali la kompyuta. Kikokotoo cha simu pia kinatosha.

Daftari la oda ndilo ambalo wengi hawana. Kama huna, lianze leo, na kwa sasa pitia jumbe zako za WhatsApp na zile za boda uhesabu oda zisizopungua 50. Chini ya hapo, wateja wawili watatu wasumbufu wanaweza kuipotosha hesabu yote.

## Hatua ya 1: Pata bei inayolipwa kweli

Chukua mauzo yote ya mwezi, gawanya kwa idadi ya oda. Usitumie bei iliyoandikwa kwenye picha, kwa sababu kuna punguzo, kuna mteja aliyebembeleza akapunguziwa 200, na kuna ofa ya mwisho wa mwezi. Duka letu halina ofa kwa sasa, na oda nyingi ni za mkoba mmoja, basi tunaanza na 2,500.

Kama umesajiliwa kwa VAT, jambo ambalo sheria inalitaka mauzo ya mwaka yakifika milioni 5, sehemu ya bei hiyo si yako. Ndani ya 2,500 mna VAT ya shilingi 345 hivi, na wewe unabaki na 2,155. Hapo kuna mtego. Gharama zako utazitoa kwenye 2,155, lakini tovuti yako huenda bado inawaambia Facebook kwamba mauzo ni 2,500. Kwa hiyo ukifika kwenye kugawanya, juu iweke namba ileile inayoonekana kwenye skrini, la sivyo utakuwa unalinganisha vitu viwili tofauti.

Duka letu halijafika milioni 5, kwa hiyo 2,500 inabaki nzima.

## Hatua ya 2: Toa gharama ya bidhaa mpaka ifike rafuni

Mkoba ulinunuliwa kwa 1,150. Kuleta mikoba 20 kutoka Eastleigh kuligharimu 600, ambayo ni 30 kwa kila mkoba. Gharama ya kweli ni 1,180.

Faida ghafi ni 2,500 kutoa 1,180, yaani 1,320, sawa na asilimia 52.8 ya bei. Wengi huishia hapa. Wanagawanya 1 kwa 0.528, wanapata 1.89, wanasema: "ROAS yangu ikizidi 2 niko salama." Iandike hiyo 1.89 kando, tutaitazama tena baadaye.

Kama kuna bidhaa zinazoharibika au kuchafuka kabla ya kuuzwa, zigawanye kwenye zile zinazouzika. Ukinunua 20 na mmoja una zipu mbovu usiyoweza kumrudishia mwenye duka, gharama ya 20 inabebwa na 19.

## Hatua ya 3: Toa gharama ya kufikisha mzigo

Hapa ndipo hesabu nyingi za Nairobi zinapovunjika, kwa hiyo tusiharakishe.

Kwanza, tafuta wastani kutoka kwenye malipo uliyofanya, wala usitumie orodha ya bei za boda. Orodha inasema kuanzia 150, na muuzaji anaikumbuka hiyo 150. Lakini wateja hawakai tao wote. Kuna wa Kileleshwa, kuna wa Utawala, kuna wa Rongai na Kitengela ambako safari moja inaweza kufika 450. Duka letu liliwalipa boda shilingi 16,800 kwa oda 60 za mwezi mzima, kwa hiyo wastani ni 280.

Pili, elewa kwamba gharama hii inafuata oda na haifuati bei. Boda hajali kama amebeba kitu cha 800 au cha 5,000. Ndiyo maana bidhaa yenye asilimia nzuri ya faida ghafi inaweza kuwa mbaya kabisa kwa matangazo.

Tazama pochi ndogo ambayo duka hilohilo linauza kwa 800 na kununua kwa 350. Faida yake ghafi ni asilimia 56, nzuri kuliko ya mkoba. Ukiitoa ile 280 ya boda, na shilingi 53 za kifungashio chake kidogo, malipo na kodi ambazo tutaziona hatua inayofuata, inabaki 117 tu. ROAS yake ya sare ni 800 gawanya kwa 117, yaani 6.84. Ningeiondoa pochi hiyo kwenye matangazo leoleo na kuiuza kama nyongeza kwa anayenunua mkoba.

Sasa geuza upande wa pili. Mteja akichukua mikoba miwili kwa 5,000, boda bado ni 280. Baada ya gharama zote inabaki 2,073, na ROAS ya sare inashuka hadi 2.41. Bei ya mkoba haijaguswa wala bei ya kununulia haijaguswa. Kilichofanyika ni safari moja kubeba mauzo mawili.

Tahadhari. Usichanganye oda za Nairobi na za Nakuru au Kisumu kwenye wastani mmoja. Mzigo unaopandishwa basi, mteja akilipia nauli mwenyewe stendi, unakugharimu tu boda wa kutoka dukani hadi ofisi ya kampuni ya basi. Hiyo ni gharama nyingine, na ikiwezekana iwe kampeni nyingine yenye shabaha yake.

Utajua umefanikiwa ukizidisha wastani wako kwa idadi ya oda na kupata kiasi kinachokaribiana na pesa uliyowatumia boda kwenye taarifa ya M-Pesa. Zikitofautiana sana, kuna safari ambazo hukuziandika. Mara nyingi ni zile za mzigo uliorudi, na hizo zina hatua yake.

## Hatua ya 4: Toa ada za malipo, kifungashio na kodi ya mauzo

Malipo kwa nambari ya Buy Goods hukatwa asilimia 0.55, na anayekatwa ni muuzaji. Kwenye mkoba wa 2,500 ni kama shilingi 14. Paybill ina mipango tofauti: kuna ambao mteja analipa ada, kuna ambao wewe unalipa, na kuna Mgao mnaogawana. Hakikisha unajua uko kwenye upi. Kadi ni ghali zaidi. Katika mfano wetu kampuni ya malipo inakata asilimia 3.5, ambayo ni 87.50.

Wateja 80 kati ya 100 hulipa kwa M-Pesa na 20 kwa kadi. Basi wastani ni sehemu ya M-Pesa, shilingi 11, pamoja na sehemu ya kadi, 17.50. Jumla 28.50 kwa oda. Ni kiasi kidogo, na sioni sababu ya mtu kukesha akikitafutia senti. Kama wateja wako wengi hulipa kwa kadi, hapo ndipo kitaanza kuuma.

Kifungashio ni 40: mfuko, karatasi laini na ile kadi ya asante.

Kodi ya mauzo, ambayo wengi huiita TOT, ni asilimia 3 tangu Sheria ya Fedha ya 2023. Inawahusu wenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka, na hulipwa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Iweke kwenye hesabu hii, kwa sababu inatozwa kwenye mauzo hata kama hukupata faida. Kwa mkoba mmoja ni 75. Anayelipa kodi ya mapato kwa faida badala ya TOT asiiweke hapa.

Kodi ya nyumba ya duka, mshahara wa msichana wa duka na bili ya intaneti pia zisiingie hapa. Hizo hazipandi oda moja ikiongezeka. Zina mahali pake kwenye hatua ya 8.

## Hatua ya 5: Tafuta baki, kisha ROAS ya sare ya kwanza

Sasa panga:

- Bei: 2,500
- Bidhaa mpaka dukani: 1,180
- Boda: 280
- Kifungashio: 40
- Ada za malipo: 28.50
- TOT: 75

Kinachobaki ni 896.50. Hiyo ndiyo pesa ya juu kabisa unayoweza kuilipa Facebook kwa mkoba mmoja uliouzwa bila kutoa mfukoni.

ROAS ya sare ni bei gawanya kwa baki: 2,500 gawanya kwa 896.50, sawa na 2.79.

Sasa rudi kwa yule aliyesema ROAS ya 2 ni salama. Kwa ROAS ya 2, tangazo limekula 1,250 kwa kila mkoba. Baki lilikuwa 896.50. Anapoteza 353.50 kwa kila mkoba anaouza, na kadiri kampeni inavyofanya vizuri ndivyo anavyozidi kupoteza. Skrini yake haitamwonyesha hilo kamwe, kwa sababu Facebook haijui alinunua mkoba kwa bei gani.

Ukipata baki hasi au karibu na sifuri, hakuna shabaha itakayokuokoa. Bidhaa hiyo haiwezi kutangazwa peke yake kwa bei hiyo. Acha hesabu hapo, urudi kwenye bei au kwenye ada ya kufikisha.

## Hatua ya 6: Weka oda zinazokufa njiani

Hatua hii ni ya wanaouza kwa malipo baada ya kufikisha. Kama kila mteja wako hulipa kwanza, iruke.

Mteja anapobonyeza kitufe cha kuagiza, tovuti inawapelekea Facebook taarifa ya mauzo ya 2,500. Siku inayofuata boda anafika Donholm, simu haishikwi. Au inashikwa, na sauti inasema, "Nilikuwa naangalia tu, kwani mmeshaileta?" Mkoba unarudi. Kwenye skrini ya kampeni mauzo yale bado yapo, kamili, na yanaipandisha ROAS yako.

Kwa hiyo unahitaji ROAS ya sare ya aina ya pili: ile inayofaa kulinganishwa na namba ya skrini, yenye oda zote, nzuri na zilizokufa.

Duka letu linaona oda 85 kati ya 100 zikipokelewa. Zile 15 zinarudi, na kila moja inagharimu safari ya kwenda 280, safari ya kurudi 150, na kifungashio cha 40 kilichochanika. Jumla 470.

Pigia hesabu oda 100 za skrini:

- Mauzo ya skrini: 100 × 2,500 = 250,000
- Baki la zilizopokelewa: 85 × 896.50 = 76,202.50
- Hasara ya zilizorudi: 15 × 470 = 7,050
- Kilichobaki kulipia matangazo: 69,152.50

Gawanya 250,000 kwa 69,152.50, unapata 3.62.

Angalia umbali kutoka 2.79. Waliokataa ni 15 tu kati ya 100, lakini sare imepanda kwa karibu theluthi. Sababu ni kwamba oda iliyorudi inakuumiza mara mbili: haileti baki, halafu inatumia sehemu ya baki la wenzake.

Tahadhari. Kiwango cha kupokelewa hakifanani kwa kampeni zote. Tangazo linalopiga kelele za "bure" na "leo tu" huleta wanaobonyeza kwa haraka na kukataa kwa haraka. Ukiweza, andika kwenye daftari kila oda imetoka kampeni ipi, kisha piga kiwango cha kila moja. Huenda ukakuta kampeni yenye ROAS nzuri zaidi kwenye skrini ndiyo yenye mizigo mingi inayorudi.

## Hatua ya 7: Angalia tangazo linakugharimu shilingi ngapi kweli

Fungua ankara. Kiasi kinachoonekana kwenye Ads Manager ni kabla ya kodi. Ikiwa ankara yako ina VAT ya asilimia 16 juu yake, na wewe hujasajiliwa kwa VAT kwa hiyo huwezi kuidai, basi shilingi 1,000 ya skrini imekutoka mfukoni 1,160.

Zidisha ROAS ya sare kwa 1.16. Duka letu linatoka 3.62 na kufika 4.19.

Kama akaunti yako ya matangazo iko kwa dola, linganisha pia kiasi ambacho benki imekukata kwa shilingi na kile ulichodhani. Pengo la kubadilisha pesa, kama lipo, liongeze kwenye kizidishi hicho hicho. Nionavyo mimi, anayefungua akaunti mpya aifungue kwa shilingi, aepuke usumbufu huu tangu mwanzo.

Sasa itazame ile 1.89 ya hatua ya 2. Ni bidhaa ileile, bei ileile na duka lilelile, lakini mwenye 1.89 na mwenye 4.19 wataendesha kampeni mbili tofauti kabisa.

### Fomula ya kuweka kwenye jedwali

Weka kwenye safu ya B, kutoka B1 hadi B6: bei, bidhaa, boda, kifungashio, ada za malipo, kodi ya mauzo. B8 ni sehemu ya oda zinazopokelewa, B9 gharama ya oda iliyorudi, B10 kodi ya tangazo. B7 itakupa baki, B11 sare ya kawaida, na B12 sare ya skrini.

```
B7:  =B1-B2-B3-B4-B5-B6
B8:  0.85
B9:  470
B10: 0.16
B11: =B1/B7
B12: =B1*(1+B10)/(B7*B8-(1-B8)*B9)
```

Ukiweka namba za duka letu, B11 itatoa 2.79 na B12 itatoa 4.19. Zikija tofauti, kagua B8 kwanza: asilimia 85 iandikwe 0.85, isiandikwe 85.

## Hatua ya 8: Geuza sare iwe shabaha

Usiweke sare kama shabaha. Kampeni inayofikia shabaha ya sare kwa ukamilifu imekufanyisha kazi ya bure mwezi mzima, na duka bado lina kodi ya nyumba.

Amua unataka kila oda ya skrini ikuachie shilingi ngapi. Chukua gharama zako za mwezi zisizobadilika, ongeza faida unayoitaka, gawanya kwa oda unazotarajia. Kama kodi, mshahara na faida ni 40,000, na unatarajia oda 400, kila oda ilete 100.

Duka letu lilikuwa na 69,152.50 kwa oda 100, yaani shilingi 691.50 kwa oda. Toa 100, inabaki 591.50 ya kulipia tangazo pamoja na VAT yake. Bei ya 2,500 zidisha kwa 1.16, kisha gawanya kwa 591.50. Unapata 4.90.

Kwenye Google Ads, sehemu ya Target ROAS inataka asilimia, kwa hiyo unaandika 490%. Kwenye Meta, yaani Facebook na Instagram, ROAS goal inaandikwa kama namba ya kawaida, 4.9. Anayeandika 4.9 ndani ya Google Ads ameiambia itafute shilingi 4.90 kwa kila 100 anazotumia, na Google itatumia bajeti yote bila kuuliza.

Kama unauza kwa mazungumzo ya WhatsApp, skrini haina thamani ya mauzo, basi ROAS haitakusaidia. Tumia gharama ya juu ya oda moja badala yake. Kwa duka letu sare ni 596 kwenye skrini, ambayo ni 691.50 gawanya kwa 1.16. Ukitaka ile 100 ibaki, kikomo ni 510. Hesabu oda zilizothibitishwa. Mtu aliyeuliza "bei gani?" akanyamaza asihesabiwe.

## Shabaha ikiwa juu mno

Huenda ukaweka 4.9 na kampeni ikakataa kutumia pesa, au ikaleta oda tatu kwa wiki. Kishawishi ni kuishusha shabaha hadi 3 ili mambo yatembee. Ukifanya hivyo unajua tayari, kutoka hatua ya 7, kwamba unanunua hasara. Badilisha sare yenyewe. Kuna mahali pawili pa kugusa kabla ya kugusa bei.

La kwanza ni ada ya kufikisha. Mteja akimlipa boda 200 mwenyewe na wewe kujazia 80, baki linapanda hadi 1,096.50, na sare ya skrini inashuka kutoka 4.19 hadi 3.37. Baadhi ya wateja watakimbia, kwa hiyo ijaribu kwa maeneo ya mbali kwanza, kwa mfano Rongai, Kitengela na Ruiru, uwaachie wa karibu bure yao.

La pili ni oda zinazorudi. Duka likipiga simu kabla ya boda kuondoka, na kuomba amana ndogo kwa M-Pesa kwa mteja mpya, tuseme kupokelewa kukafika 95 kati ya 100. Boda bado ni bure kwa mteja. Sare inashuka hadi 3.50. Hili ningeanza nalo, kwa sababu simu ya dakika mbili ni nafuu kuliko safari ya Donholm kwenda na kurudi. Oda zilizoandikwa zitapungua kidogo, lakini nyingi kati ya hizo ndizo zilizokuwa zikifa njiani.

## Namna ya kujua hesabu yako imeshika

Subiri mpaka oda za kipindi chote ziwe zimefikishwa au zimerudi, kisha fanya hesabu moja ambayo haitegemei skrini. Chukua pesa iliyoingia kwa mikoba iliyopokelewa. Toa bidhaa, boda zote, kifungashio, ada, kodi, na ankara nzima ya matangazo. Jibu, ukiligawanya kwa oda zote, zilizorudi zikiwamo, likaribiane na shilingi 100 kwa oda, kama ulivyopanga.

Likiwa chini sana wakati skrini inaonyesha 4.9, tuhumu mambo mawili. Huenda oda moja inahesabiwa mara mbili, kwa sababu ukurasa wa asante ukifunguliwa tena unatuma taarifa upya. Linganisha idadi ya mauzo ya skrini na ya daftari kwa siku moja tu, utaona. Au huenda Facebook inajipa sifa kwa wateja ambao wangenunua hata bila tangazo. Kawaida huhesabu anayenunua ndani ya siku 7 baada ya kubonyeza, na siku 1 baada ya kuliona tu. Ukiona mauzo mengi ni ya walioliona tu bila kubonyeza, yapunguze uzito.

Rudia B3 na B8 kila mwezi. EPRA hutangaza bei mpya ya petroli kila tarehe 14, na ikipanda, boda huanza kuomba hamsini zaidi. Hamsini hiyo peke yake, ukiiweka kwenye jedwali la duka letu kama 330 badala ya 280 na gharama ya oda iliyorudi kama 520, inaisogeza sare kutoka 4.19 hadi 4.52.